Muulize Tangu Lini

Ipo siku moja ambayo naikumbuka kuliko siku yangu ya harusi, mwanangu, na kama ningepewa ruhusa ya kuifuta siku moja tu maishani mwangu, ningeifuta hiyo. Ilikuwa Jumapili mchana kule Masese, kando ya mji wa Jinja, mahali samaki wanapoanikwa na harufu ya mukene, dagaa wa ziwani, inaingia hadi kwenye nguo za kanisani. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimesimama mbele ya madhabahu ya mabanzi, na watu wananiombea. Mimi ndiye niliyeombewa. Hilo ulishike, kwa sababu nyinyi vijana wa timu ya maombi mnajua habari ya kuombea, lakini ya kuombewa hamuijui.

Ninakusimulia haya kwa sababu ya Ijumaa iliyopita hapa Nakaloke. Nilikuona umemsimamia yule binti wa darasa la saba anayetetemeka, mkono wako juu ya kichwa chake, na nikakusikia unauliza, "Nani amekutuma?" Mama yake wa kambo alikuwa ameketi benchi la pili. Nikasimama nikaanzisha wimbo kwa sauti yangu hii ya chura, wote mkageuka, na baadaye ukanilalamikia kwamba mama mzee ameharibu maombi. Ni kweli niliyaharibu. Sasa keti nikueleze kwa nini, maana kesho kutwa ni Ijumaa tena na binti yule atarudi.

Nililelewa na nyanya yangu, mama yake baba, chini ya mlima Wanale. Sisi Wagisu nyanya tunamwita Kukhu. Mama yangu aliolewa kwingine nilipokuwa bado mdogo, na baba nitakuambia habari yake baadaye. Nilipomaliza shule, kwa kiasi nilichomaliza, nilipelekwa Masese kwa baba mdogo, mdogo wake baba, ili nimsaidie mkewe kuuza mukene. Baba mdogo alikuwa ameokoka, na mtu mwema, ila alikuwa na haraka kwa kila jambo.

Kukhu alikuwa akitutembelea kila mwezi. Alipanda gari Mbale asubuhi na mapema akafika Jinja na kikapu chenye ndizi, na juu yake chungu kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Ndani yake malewa, yale machipukizi ya mwanzi ya huko kwetu mlimani, yaliyopikwa na karanga za kusaga. Alijua mji haupiki malewa. Alikaa siku mbili, akatucheka sote namna tunavyonuka samaki, akarudi kwake.

Mwaka ule hofu ilinishika. Sikuweza kusikia mlango ukigongwa bila kushika ukuta. Mtu akipaza sauti barabarani, ninakimbilia ndani. Nililala na kuamka nikiwa nimekabwa kifuani, macho wazi, mwili hauinuki. Chakula kikawa hakipiti. Nilikonda mpaka mke wa baba mdogo akaanza kunitazama kwa pembeni. Wakasema nina roho ya hofu, na kwamba ninaonewa. Sikubishana nao wakati ule na sibishani nao leo, maana Biblia yenyewe inasema Yesu alizunguka akiwaponya wote walioonewa na Ibilisi. Walichokosea hakikuwa hicho.

Kiongozi wa maombi pale kanisani alikuwa askari wa gereza, mtu wa kaskazini, mrefu, jina lake Opio. Hata kanisani tulimwita Afande. Alifunga siku nzima bila maji kabla ya kumwombea mtu, na nilimwona kwa macho yangu akilia kwa ajili ya wagonjwa ambao hakuwa ndugu yao. Lakini mwanangu, mtu akishafanya kazi moja miaka mingi, ile kazi inamfuata mpaka kwenye maombi. Afande kazi yake ilikuwa kuuliza watu maswali wakiwa wamesimama mbele yake, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini.

Basi Jumapili ile wakanizunguka. Ngoma, makofi, lugha za roho. Afande akanishika kichwa, akanisukuma kidogo, akapaza sauti karibu na sikio langu.

"Toka! Toka kwa jina la Yesu! Wewe nani? Sema!"

 Nikaanza kuanguka. Wakashangilia wakidhani ni pepo anaanguka.

"Nani alituma wewe? Sema! Wewe nasema leo! Nani?"

Sijui aliuliza mara ngapi. Najua nilitaka kitu kimoja tu, ile sauti inyamaze. Na mdomo wangu ukatafuta jina. Ukatafuta jina la mtu aliye karibu sana na moyo wangu, kwa sababu ndilo lililokuwa hapo karibu. Nikasema, "Kukhu."

Kanisa likalipuka kwa shangwe. Afande akaamuru pepo wa Kukhu atoke, nikaachiwa, nikalala chini nikiwa nimechoka kama nguo iliyokamuliwa. Ile sauti ilikuwa imenyamaza kweli, kwa hiyo nilitulia. Wakasema nimefunguliwa. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni, uso umebadilika. Aliyetajwa alikuwa mama yake mzazi.

Kukhu alikuja kama kawaida yake. Mimi nilikuwa ndani, nimelala nyuma ya pazia. Nikamsikia akibisha hodi kwa lugha yetu, akitaja jina langu kwanza kama alivyofanya siku zote. Nikamsikia baba mdogo akimwambia asivuke kizingiti. Akamwambia yaliyotajwa kanisani. Kukhu hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, "Mtoto mwenyewe ndiye aliyesema?" Baba mdogo akasema ndiye.  Halafu nikasikia chungu kikiwekwa chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, na ndala zake zikiondoka.

Nilikuwa na mdomo. Kutoka kitandani hadi mlangoni palikuwa karibu kuliko hapa na pale kwenye banda la kuku. Sikuinuka. Jioni waombaji wakaja, wakakikemea kile chungu, wakamwaga malewa chooni na kukivunja chungu. Mwanangu, mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na bado nikisikia harufu ya karanga zikisagwa, kuna mahali ndani yangu panauma.

Na je, nilipona? Nilizidi. Sasa nilikuwa na hofu ile ya kwanza, na juu yake hofu ya Kukhu, maana nami nilianza kuamini nilichosema. Watu wazima wote walikiamini, mimi nani nikatae? Nikipewa ndizi nauliza zimetoka wapi. Wakaniombea tena, na tena, na kila wakirudi kelele zinaongezeka. Siku moja nikamtaja pia mwalimu wangu wa shule ya msingi. Bahati yake alikuwa amehamia mbali.

Kukhu kule Wanale alikwenda kwa mchungaji wake. Alikuwa Mzee Mafabi, wa kikanisa kidogo cha kilokole chini ya mlima, mtu mfupi mwenye kikohozi, aliyekuwa akilima vitunguu siku sita na kuhubiri siku ya saba. Hakuwa mtu wa kuvumisha miujiza. Alipomaliza kumsikiliza Kukhu, alimchukua mkewe, wakapanda gari wakaja Masese bila kualikwa.

Walifika mchana. Mzee Mafabi akamwomba baba mdogo ruhusa ya kuketi nami, na akasema mkewe ndiye atakayekaa karibu yangu, kwa kuwa mimi ni binti. Aliniuliza kwanza kama ninataka kuombewa. Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikasema sijui. Akasema, "Basi tutazungumza tu, maombi yatangoja." Akaniuliza kama ninakula, kama ninalala, kama nimepelekwa kwa daktari. Nikasema nimekatazwa dawa nisije nikapunguza imani. Akakohoa kwa muda mrefu, na nadhani nusu ya kile kikohozi ilikuwa hasira.

Halafu akafungua Marko tisa, pale baba mmoja alipomletea Yesu mwanawe aliyekuwa akiangushwa. Akanisomea swali ambalo Bwana aliuliza kabla ya kukemea: "Amepatwa na haya tangu lini?" Naye baba akajibu, "Tangu utoto."

"Mwanangu," akaniambia, "na wewe je? Tangu lini?"

Na mimi, ambaye sikuwahi kumwambia mtu, nikamwambia.

Nilikuwa mtoto mdogo, sijaanza shule, miaka ile ya utawala wa jeshi. Askari waliingia nyumbani kwetu Wanale wakimtafuta baba. Kukhu alikuwa shambani. Mmoja aliinama mpaka uso wake ukafika karibu na wangu, akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo wakati ule niliijua kwa maneno machache tu, "Yeye iko wapi? Sema! Sema!" Nikanyoosha kidole kwenye ghala la mahindi. Wakamtoa baba huko. Hakurudi.

Sasa umeelewa, mwanangu. Ile sauti ya madhabahuni niliijua. Ilikuwa inataka jina, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kwamba ukitoa mtu, sauti inanyamaza.

Mke wa Mzee Mafabi alinishika mkono muda wote huo na machozi yanamtiririka bila kuyafuta.  Kisha Mzee akaniuliza tena kama ninataka kuombewa, na safari hii nikasema ndiyo. Akaniuliza kama mkewe anaweza kuweka mkono begani kwangu. Hakufumba macho, alinitazama asije akanitisha. Na maombi yake yalikuwa mafupi. Alizungumza na Baba, hakuzungumza na mimi wala hakumwuliza pepo chochote. Nayakumbuka kwa sababu yalikuwa maneno ya kawaida.

"Baba, mtoto wako huyu ameonewa na hofu tangu utoto. Asante kwa kuwa ulikuwepo siku ile na upo leo. Kwa jina la Yesu Kristo, hofu, tunakukataa, huna haki juu yake. Bwana akukemee. Roho Mtakatifu, mjaze nguvu, na upendo, na moyo wa kiasi."

Basi. Akaniambia niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, kama ninaweza, "Mungu hakunipa roho ya woga." Akanieleza kwamba mdomo ambao hofu iliutumia, Mungu anataka kunirudishia. Nilisema nikalia, nikasema tena. Hakuna aliyeanguka. Hakuna aliyepiga ngoma. Kisha akamwambia baba mdogo anipeleke kliniki kesho yake kwa ajili ya usingizi na kukonda, na kwamba kumshukuru Mungu kwa dawa si upungufu wa imani. Mkewe akanipa zaburi ya kusoma kila nikiamka nimekabwa: "Nalimtafuta Bwana akanijibu, akaniponya na hofu zangu zote." Akasema nisiisome peke yangu siku za kwanza, mke wa baba mdogo asome nami. Moyo ni kama ile nyumba ya Injili iliyotokwa na pepo, alisema: ikifagiliwa na kuachwa tupu, haijawa salama. Ilichukua miezi mingi, lakini nilipona, na uponyaji wangu ulianzia kwenye kile kikao.

Jioni ile Afande aliitwa. Alikuja na sare yake, ametoka kazini. Mzee Mafabi alimkaribisha, akamshukuru kwa kufunga kwake, halafu akamkaripia mbele yetu sote, kwa sauti ya chini, na sijawahi kusikia karipio zito kama lile.

"Afande, hapa kanisani nani amekufundisha kuuliza mashetani habari za watu?"

"Mzee, Bwana mwenyewe aliuliza. Marko tano. 'Jina lako nani?' Mimi nafuata yeye."

"Aliuliza jina, mara moja, na hakulitumia kumshtaki jirani wa mtu. Umesoma na Luka nne? Pepo walikuwa wanasema hata ukweli juu yake, na aliwakemea wasinene. Ukweli, Afande, na bado aliwanyamazisha. Na Yohana nane inamwitaje Ibilisi?"

Afande akajibu polepole, "Mwongo. Na baba wa huo uongo."

"Basi umemfanya mwongo kuwa shahidi. Na kwa ushahidi wake umemtenga mama na mwanawe. Neno linasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Yule mama wa Wanale ni damu na nyama. Na huyu binti hakuwa na shahidi yeyote ndani yake, alikuwa na woga tu, na wewe ukamwongezea."

Afande alivua kofia. Alikaa chini pale pale sakafuni, mtu mrefu vile, akasema, "Mimi nilidhani nafungua yeye." Alirudia hivyo mpaka mke wa Mzee akamnyamazisha. Nilimhurumia, na ninamhurumia mpaka leo. Alikwenda Wanale na baba mdogo, wote wawili wakapiga magoti mbele ya Kukhu uani kwake, na majirani waliokuwa wamesikia uvumi wakaitwa wasikie pia ukweli. Hilo Mzee alilisisitiza: jina limechafuliwa mbele ya watu, litasafishwa mbele ya watu. Afande aliendelea kuombea watu hadi alipostaafu, ila tangu siku ile hakuuliza tena nani amemtuma nani.

Nami nilikwenda. Nilimwambia Kukhu habari ya ghala. Alikuwa anajua. Miaka yote hiyo alikuwa anajua, jirani alikuwa ameona, na hakuniuliza wala hakunitazama vibaya hata siku moja. Akanikumbatia akasema, "Siku ile ulikuwa mtoto. Na siku hii ya pili pia ulikuwa mtoto wangu." Nikalia nikadhani mambo yamekwisha.

Jioni akapika malewa. Akaleta sahani, akaiweka mbele yangu. Kabla sijanyoosha mkono akachota tonge moja kutoka kwenye sahani yangu, akalila huku ananitazama, akameza, akatabasamu, akasema, "Kula, mwanangu." Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Nikamwambia, Kukhu, usifanye. Akasema ni mazoea tu ya mpishi. Lakini hayakuwa mazoea yake zamani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanisindikiza kwa mume, akawalea wanangu, tukacheka, tukagombana, tukapatana. Na katika miaka yote hiyo hakunipa chakula hata mara moja bila kukionja kwanza mbele yangu. Hata uji. Hata alipokuwa mgonjwa na mkono unatetemeka, aligusa kijiko mdomoni kwake kwanza. Alinisamehe kabisa, hilo sina shaka nalo. Lakini jina nililolitaja lilikaa naye mezani mpaka alipokufa, na hapakuwa na la kufanya.

Ndiyo maana nilianzisha wimbo Ijumaa, mwanangu.

Sikukatazi kuombea wanaoonewa. Ole wetu kanisa likiogopa kufanya hivyo. Hofu ipo, uonevu wa yule mwovu upo, na jina la Yesu halijapungua nguvu. Ila chunga mdomo wako. Yule binti akija, asiombewe na nyinyi wavulana peke yenu, awepo mama, na awe yule anayemwamini. Muulize kama anataka. Muulize kama amekula, kama amelala, na kama kuna mtu anayempiga au kumgusa vibaya, maana pengine kinachomtisha kina miguu miwili na kinahitaji polisi, na ukikemea pepo tu utakuwa umemrudisha kwenye mikono ile ile. Kama anatumia dawa, usithubutu kumwambia aache. Usimsukume. Usimpigie kelele masikioni, Mungu si kiziwi na Shetani haogopi sauti yako, anaogopa jina unalolitaja. Omba kwa Baba, kemea kwa maneno machache, halafu mjaze Neno na umtembelee Jumatatu, maana wengi mnapenda Ijumaa lakini Jumatatu hamuonekani. Na usimwambie amefunguliwa kwa sababu tu amenyamaza. Mimi nilinyamaza vizuri sana.

Na akitaja jina la mtu katika hofu yake, usilipokee kwa shangwe. Lizike hapo hapo, mpaka akiwa ametulia, ana akili zake, uzungumze naye polepole kama mtu na mtu. Ukitaka kuuliza, umeshapewa swali na Bwana mwenyewe. Muulize tangu lini, kisha ukae chini umsikilize, hata kama kwaya inakungoja.

Mama yake wa kambo atakuwa benchi la pili. Nimeambiwa anapika keki za ndizi na kumpelekea yule binti shuleni. Nataka aendelee kumpelekea, na mtoto azipokee kwa mkono mmoja na kuzila bila mtu kuonja kwanza.

Bwana aliyenirudishia mdomo wangu auchunge wa kwako. Akupe nguvu, na upendo, na moyo wa kiasi, na huo upendo wa katikati akuzidishie. Mkono wako ukiwekwa begani kwa mtu, usiwe mzito kwake. Na nyumba utakazoingia kuomba, ukiondoka, watu wake waendelee kula sahani moja. Amina, mwanangu.